Laki Saba Iliyogeuka Laki Tatu: Kupanga Matumizi ya Mwezi kwa Kipato cha Karafuu

Mjomba wangu ana shamba la mikarafuu kando ya Wete, Pemba. Ukimuuliza anapata kiasi gani, hujibu bila kusita: "Laki saba kwa mwezi, ukigawa." Hesabu yenyewe hakuitoa hewani. Alikusanya risiti zake zote za misimu sita, akajumlisha fedha zote alizolipwa, akagawa kwa sita, kisha kwa kumi na mbili. Ikatoka 705,000 na kitu. Anakula kama mtu wa laki saba, na kila akipata msimu mbaya, Mei ikikaribia, yumo kwa mwenye duka anakopa mchele.

Likizo moja tulikaa barazani na kopo lake la biskuti lililojaa risiti, pamoja na daftari la shule anamoandika malipo ya wachumaji. Jioni hiyo laki saba ilishuka mara tatu kabla ya kufika kwenye kiasi anachoweza kukila bila hofu. Nitaeleza kila mshuko, kwa sababu kila mmoja una kosa lake, na makosa hayo nimeyaona hata kwa watembeza watalii na wavuvi wa dagaa. Kiasi cha fedha nimekisawazisha ili hesabu ifuatike. Nimeshika bei moja ya shilingi 14,000 kwa kilo kavu, ingawa kwenye mizani bei hupishana kwa daraja.

Kwanza nieleze kwa nini karafuu ni mtihani kuliko mazao mengi. Tumba la karafuu hutoka kwenye ncha ya tawi changa. Mti ukizaa sana, na wachumaji wakavunja ncha nyingi wakivuta matawi, unahitaji muda kutoa machipukizi mapya. Ndiyo maana Unguja na Pemba watu wamezoea kuona msimu mkubwa unaokuja kila baada ya miaka minne hivi, na katikati yake misimu ya wastani na msimu mmoja mkavu. Kwa hiyo kipato hakipandi na kushuka ndani ya mwaka tu. Miaka yenyewe haifanani.

Hizi hapa kilo kavu za mjomba, msimu wa kwanza hadi wa sita: 310, 1,240, 420, 90, 560 na 1,010. Uone ule wa nne: kilo 90. Mwaka ule, anasema, wachumaji walikuja, wakatazama juu, wakaondoka.

Kabla ya kujumlisha chochote ilibidi tuamue mwaka unaanza lini. Mjomba alikuwa akihesabu Januari hadi Desemba kama kalenda ya ukutani, na hilo liliharibu daftari. Uchumaji huanza Julai au Agosti na unaweza kuburuzika mpaka Januari. Ukifunga hesabu tarehe 31 Desemba, mzigo uliochumwa Desemba na kupimwa Januari unahamia mwaka mwingine, na mwaka mkavu unaonekana kama ulikuwa na kitu. Tukauanza mwaka wetu Julai mosi, mwezi ambao mfuko umepungua na mavuno mapya hayajaingia. Mwenye kipato cha msimu wa aina yoyote afanye hivyo: afungue mwaka wake kabla tu ya msimu, msimu mzima ukae ndani ya mwaka mmoja.

Pia tuliacha kujumlisha shilingi, tukajumlisha kilo. Bei ya karafuu hupangwa na kubadilishwa, na shilingi ya miaka sita iliyopita haikuwa na nguvu ya shilingi ya leo. Kilo haibadiliki. Ukichukua kilo za zamani ukazizidisha kwa bei ya sasa na kutoa gharama za sasa, unapata jibu la swali linalokuhusu: shamba hili, kwa bei za leo, linalisha nyumba kwa kiasi gani? Dereva wa watalii afanye hivyo kwa idadi ya safari, na mvuvi kwa ndoo. Risiti za Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ambalo ndilo linalonunua karafuu, zinaonyesha kilo na daraja, kwa hiyo upande huo ulikuwa rahisi.

Upande mgumu ulikuwa gharama. Mshuko wa kwanza umo humo.

Laki saba ya mjomba ilikuwa fedha yote iliyopita mkononi mwake, na nyingi haikuwa yake. Mchumaji hulipwa kwa kipimo cha karafuu mbichi, na kilo moja kavu hutokana na takriban kilo tatu mbichi. Kwa malipo ya shilingi 1,200 kwa kilo mbichi, kila kilo kavu imekula 3,600 kabla haijafika kwenye jamvi. Ongeza kuchambua makonyo, kuanika, kuanua mvua ikitishia, chakula cha wachumaji, magunia na gari la kupeleka kituoni. Tulipopitia daftari ukurasa kwa ukurasa ikawa kama shilingi 5,000 kwa kila kilo kavu. Inabaki 9,000. Halafu kuna palizi na usafi wa shamba, shilingi 400,000 kwa mwaka, ambazo hulipwa uzae mti usizae.

Jumla ya kilo zake kwa misimu sita ni 3,630, wastani wa 605. Zidisha kwa 9,000, toa laki nne ya palizi, gawa kwa kumi na mbili: shilingi 420,000 kwa mwezi. Laki saba imeshakuwa laki nne na ishirini elfu, na bado hatujagusa ugumu wenyewe.

Mjomba alitaka kuishia hapo. "Wastani ndio huo, mwanangu. Unatafuta nini tena?"

Nikamwonyesha kidole kwenye daftari: kati ya misimu sita, miwili ni mikubwa, wa pili na wa sita. Ikiwa mti huzaa sana mara moja katika miaka minne, basi miaka sita yenye misimu mikubwa miwili imependelea. Ni kama kupima uzito wa mbuzi akiwa na ndama wa jirani mgongoni. Wastani mwema ni ule unaobeba mzunguko mzima, usiozidi wala kupungua. Kwa karafuu, tukachukua misimu minne minne mfululizo.

Msimu wa kwanza hadi wa nne unatoa wastani wa kilo 515. Wa pili hadi wa tano, karibu kilo 578. Wa tatu hadi wa sita, kilo 520. Tazama kitu cha ajabu: hakuna hata kundi moja lililofikia ile 605 ya misimu yote sita. Kumbukumbu nyingi si lazima zikupe jibu bora zaidi. Kipande kinachozidi mzunguko kinaweza kukudanganya kuliko kipande kifupi kilichokatwa mahali pake. Na ukikata kifupi mno unapotea pia: misimu mitatu ya mwanzo pekee ina wastani wa kilo 657, kwa kuwa ule wa kilo 90 haumo.

Katika makundi matatu tukachukua lililo dogo, 515. Ukiwa na kompyuta au simu yenye jedwali, kilo zikikaa kuanzia B2, hesabu yote ni mstari mmoja:

```
=(AVERAGE(B2:B5)*9000-400000)/12
```

Inatoka 352,917. Tuiite laki tatu na nusu. Huu ndio mshuko wa pili.

Hapa niweke jambo moja la pembeni. Mjomba alikuwa na risiti za misimu yote, lakini wengi hawana, na pengo kwenye kumbukumbu halitokei ovyo. Watu huandika msimu ukiwa mzuri. Msimu ambao mtu alipeleka gunia moja kituoni na kurudi kimya, hakuna aliyeona haja ya kutunza karatasi. Kwa hiyo ukikuta mwaka mtupu katikati ya daftari, usiuruke na kugawa kwa miaka iliyobaki. Waulize jirani mwaka ule ulikuwaje. Usipopata jibu, uandikie kiasi cha msimu wako mbovu kuliko yote. Kuuruka ni sawa na kuupa wastani, na mara nyingi haukustahili.

Sasa, je, mtu anayepata wastani wa laki tatu na nusu anaweza kula laki tatu na nusu? Wengi hudhani jibu limo ndani ya neno lenyewe, wastani. Lakini wastani haujui mpangilio. Wakulima wawili wanaweza kuwa na jumla ileile ya miaka minne, na mmoja akafika salama wakati mwenzake anazama, kwa sababu tu mwaka mkavu ulimtangulia. Njia ya kujua ni kuiendesha hesabu upya juu ya miaka iliyopita, mwezi kwa mwezi, kana kwamba tayari ulikuwa na nidhamu hiyo wakati ule.

Tukafanya hivyo. Tukachukulia kwamba fedha yote ya msimu, gharama zikishatolewa, inaingia mwisho wa Novemba. Kweli huingia kwa mafungu, lakini kwa kipimo hiki inatosha. Tukaanza Julai ya msimu wa pili, ule mkubwa, mfuko ukiwa mtupu. Alichokula hadi Novemba ni deni, nalo analilipa karafuu zikishauzwa.

Kwanza tulijaribu kile kiasi cha mjomba, 420,000. Msimu wa pili unaingiza 10,760,000. Ukitoa matumizi ya mwaka, mwisho wa Juni anabaki na 5,720,000. Mtu yeyote angejiona tajiri. Msimu wa tatu haukidhi mwaka, akiba inashuka mpaka 4,060,000. Bado pazuri. Unakuja msimu wa nne: Julai hadi Novemba anakula 2,100,000, kisha kilo 90 zinampa 410,000 tu baada ya palizi. Desemba anaingia na 2,370,000. Hizo zinamfikisha Aprili. Mei fedha inakatika, na mavuno yajayo yatalipwa Novemba.

Mei! Mjomba alicheka, lakini cheko la mtu aliyefumaniwa. Ndio mwezi huohuo anaoanza kukopa kila akipata mwaka mkavu. Kufikia Novemba deni lingekuwa milioni mbili na laki sita na zaidi. Hapo ndipo watu hukodisha mikarafuu yao, au huuza karafuu zikingali mtini kwa bei ya mwenye shida, na msimu unaofuata, hata ukiwa mzuri, si wao.

Tukaijaribu laki tatu na nusu. Juni ya msimu wa pili anabaki na 6,560,000, Juni ya tatu 5,740,000, Juni ya nne 1,950,000. Halafu miezi mitano ya kusubiri. Mwisho wa Novemba ya msimu wa tano, siku moja kabla ya fedha kuingia, mfukoni mna 200,000.

Amefika, lakini amefikaje? Ukumbuke kuwa gharama za uchumaji hulipwa kabla ya mauzo. Msimu wa tano una kilo 560 kavu, na kwa shilingi 5,000 kwa kilo anahitaji jumla ya 2,800,000 kuziandaa. Hata akichuma na kuuza kwa mafungu, akilipa fungu la pili kwa fedha ya la kwanza, laki mbili haianzishi kazi. Wachumaji wakisikia huna fedha wanakwenda kwa jirani, na karafuu haisubiri. Tumba likifunguka kuwa ua, daraja limeshuka. Mvua ikizidi na mzigo ukakosa kukauka kwa wakati, unashuka tena. Kwa hiyo mtu aliyefika Novemba na laki mbili atalazimika kukopa, na mkopo huo utakula sehemu ya ile 9,000 tuliyojigamba nayo kwenye hesabu.

Ndiyo maana nasema wastani ni dari, si sakafu. Unachotakiwa kutazama ni kiasi kilichobaki siku ile mfuko ulipokuwa chini kuliko siku zote, na kujiuliza kama kingetosha kuendeshea kazi inayokuletea fedha ijayo.

Laki tatu ilitupa jibu tofauti. Juni ya msimu wa pili 7,160,000, ya tatu 6,940,000, ya nne 3,750,000. Novemba ya msimu wa tano, sehemu ileile ya chini kabisa, mfuko una 2,250,000. Hizo zinaanzisha uchumaji bila kumpigia mtu magoti. Tofauti ya elfu hamsini kwa mwezi, isiyoonekana sana jikoni, ilizaa milioni mbili mahali zilipohitajika.

Kisha nikafanya ukatili mdogo. Nikamuuliza, je, kama msimu wa kilo 90 ungefuatwa na mwingine wa kilo 90? Haijatokea kwenye daftari lake, lakini daftari la miaka sita halijaona kila kitu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na hakuna mkulima wa mwaka 1871 aliyekuwa nacho kwenye hesabu zake. Kwa laki tatu na nusu, mkavu wa pili unamkatisha Januari, miezi kumi kabla ya mavuno mengine. Kwa laki tatu, anafika mpaka ndani ya Agosti. Kuanzia Agosti hadi Novemba mtu anaweza kujikokota kwa mihogo, ndizi na ndugu. Kuanzia Januari hawezi. Ila hesabu hii haimkingi na mkavu wa tatu, wala na miti kufa. Kwa hilo inabidi awe na kipato kingine, na hakuna wastani utakaolifuta.

Basi laki tatu, na huo ndio mshuko wa tatu. Lakini laki tatu ya nini? Hapa mjomba aliuliza swali zuri kuliko yote niliyomfundisha: "Na nguo za Idi zimo?" Zimo. Ada ya shule imo, mchango wa harusi umo, bati la jiko limo. Tulipoorodhesha matumizi makubwa yanayokuja mara moja au mbili kwa mwaka yakawa 600,000, yaani 50,000 kila mwezi. Kwa hiyo matumizi ya kawaida ya nyumba ni 250,000, na zile elfu hamsini zinakaa kando. Idi ina shida yake ya pekee kwa mtu wa msimu: hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, wakati Novemba ya karafuu haisogei. Kuna miaka inaangukia karafuu zikiwa zimeuzwa, na kuna miaka inaangukia pale pale mfuko unapokauka. Ndiyo sababu haifai kutegemea kwamba mavuno ndiyo yatakayoivalisha nyumba.

Namna ya kujilipa aliibuni mwenyewe. Fedha ya karafuu ikilipwa inakaa benki, na kila tarehe mosi anajitumia laki tatu kwenye simu. Asipoiona kwenye simu, anasema, haipo. Msimu wa sita, ule wa kilo 1,010, ulikuwa jaribu lake kubwa, maana mashemeji walikuwa wamesikia habari za mizani na kila mmoja alikuwa na shida iliyokomaa. Aliwaambia mshahara wake ni laki tatu. Hakuna aliyemwamini, lakini hakuna aliyeweza kumbishia pia.

Hesabu inarudiwa mara moja tu kwa mwaka, mwisho wa Januari, mzigo wa mwisho ukishapimwa. Msimu mpya unaingia, ule mkongwe katika minne unatoka. Msimu wa saba ulikuwa kilo 380, na mjomba alinipigia simu sauti imeshuka, akijua tutapunguza. Minne ya karibuni ikawa 90, 560, 1,010 na 380, wastani wa kilo 510. Kwa mwezi ni shilingi 349,000 na kidogo, karibu sawasawa na zamani. Laki tatu ikabaki laki tatu.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama tuingize na miche mia moja aliyopanda bonde la chini. Nikamwambia miche ya karafuu huchukua kama miaka sita au zaidi kabla haijaanza kuzaa, na daftari linahesabu kilo zilizokwisha pita kwenye mizani. Akasema sawa, lakini nasikia ameifungulia ukurasa wake kule nyuma.